Picha ya bure, mchoro wa kuuza: leseni inaishia wapi

*"Assalam aleikum mwalimu. Mimi ni mchoraji, naishi Langoni, Lamu. Nilipakua kwenye Pexels, tovuti ya picha za bure, picha ya mwanamke aliyejitanda mtandio, nikaichora kwa akriliki. Bwana mwenye hoteli kule Shela ameipenda. Anataka kununua mchoro wenyewe, kisha nimtolee kadi za posta na fulana mia za duka lake, na uso ule ule autie kwenye tangazo la chumba chake cha masaji. Picha ilikuwa ya bure na nimeichora kwa mkono wangu. Naruhusiwa? Na lau ningenunua picha ya kulipia, ningekuwa nimemaliza?"*

Wa aleikum salaam, mwanangu. Mchoro wenyewe muuzie. Tangazo la masaji mkatalie leo, kabla hajampelekea mtu wa matangazo. Kadi na fulana zisubiri mpaka ufike mwisho wa jibu hili, maana hapo kuna njia, ila si ile uliyokuwa unaifikiria.

Kwa bwana hoteli yote matatu ni jambo moja, kwa sababu uso ni mmoja. Kwako wewe ni mambo matatu, kwa kuwa nyuma ya picha ile wapo watu wawili na kila mmoja ana haki yake. Wa kwanza ni mpigapicha, ambaye haki yake ni hakimiliki. Wa pili ni yule mwanamke, mwenye haki juu ya sura yake. Tovuti haimiliki chochote kati ya hivyo. Inakupitishia ruhusa iliyopewa. Wachoraji wengi husoma neno "bure" wakadhani wote wawili wameshasema ndiyo. Mara nyingi aliyesema ndiyo ni mpigapicha peke yake.

Tuanze na huyo mpigapicha. Sheria yetu ya Hakimiliki ya Kenya, Namba 12 ya 2001, inaihesabu picha ya kamera kuwa kazi ya sanaa, na kuilinda kwa miaka 50. Mwenye haki ndiye anayeamua nani ainakili kwa umbo lolote, na nani aigeuze kuwa kazi nyingine. Kuibadilisha kamera kwa brashi hakuiondoi haki hiyo. Ukichora nyumbani kwa kujifunza tu, sheria inakuachia nafasi ya matumizi binafsi. Ukianza kuuza, unahitaji ruhusa, na ruhusa yenyewe ndiyo leseni.

Leseni ya Pexels ni fupi na imeandikwa kwa lugha nyepesi. Inakuruhusu kuitumia picha hata kwa biashara, kuibadilisha, na hulazimiki kumtaja mpigapicha, ingawa mimi ningemtaja. Inachokataza ni kuuza nakala ya picha ilivyo, bila mabadiliko, iwe bango, chapa ya ukutani au kitu cha kushika mkononi. Mchoro wako wa akriliki umebadilika. Una rangi zako, mikwaruzo ya brashi yako, na turubai moja tu. Ndiyo maana nasema uuze bila wasiwasi.

Kwenye kadi na fulana neno "bila mabadiliko" linaanza kuuma. Hapo hauuzi turubai, unauza nakala zilizochapwa. Mchoro uliofuata picha mpaka kila unywele, ukishapigwa skani na kupunguzwa ukubwa mpaka kadi ya posta, mikwaruzo ya brashi inapotea na kinachobaki ni picha ya yule mpigapicha. Wenzetu wanaosifiwa kwamba kazi zao "ni kama picha kabisa" ndio walio hatarini zaidi hapa.

Jipime wewe mwenyewe. Piga picha ya mchoro wako ukiwa umesimama sawasawa mbele yake. Fungua programu yoyote ya kuchorea yenye tabaka kwenye simu, weka picha ya Pexels chini na mchoro wako juu, kisha ufifishe ule wa juu mpaka nusu. Usiangalie uso kwa jumla. Angalia vitu vidogo: kona ya jicho, ncha ya kidevu, mahali mkunjo wa mtandio unapokatiza shingo, kivuli cha pua kinapoishia juu ya mdomo, na ukingo ambapo picha imekatwa begani. Vikilaliana karibu vyote, umenakili. Rudia ukiwa umeigeuza picha kulia kwenda kushoto, maana kuna wanaodhani kugeuza kunatosha.

Hakutoshi, na iko kesi ya kuonyesha hivyo. Mpigapicha Jingna Zhang alipiga picha ya mwanamitindo iliyotoka mwaka 2017 katika toleo la Vietnam la jarida la Harper's Bazaar. Mwaka 2022 mchoraji wa Luxembourg, Jeff Dieschburg, alionyesha mchoro wa rangi za mafuta wenye mkao ule ule, ila umegeuzwa upande, na akapewa zawadi. Mahakama ya kwanza ilimkatalia Zhang, ikaona mkao ule hauna upekee wa kulindwa. Zhang akakata rufaa, na Mei 2024 mahakama ya rufaa ikampa haki. Ile si mahakama yetu na haimfungi hakimu wa Kenya, lakini inaonyesha mahali macho ya mahakimu yanapotua: kwenye yale aliyoyachagua mpigapicha. Taa ilikaa upande gani, kamera ilikuwa juu au chini, kichwa kiliinama kiasi gani, picha ilikatwa wapi, nguo ilipangwaje. Hayo ni yake.

Yasiyo yake ni mengi, na hayo ndiyo chakula cha mchoraji. Hakuna anayemiliki mwanamke aliyejitanda mtandio, wala mkono ulioshika shavu, wala jinsi mwanga wa dirishani unavyoacha pembetatu ndogo chini ya jicho la upande wa kivuli. Ukitazama picha ili ujue msuli wa shingo unavyovutika mtu akigeuka, kisha ukaenda kuchora shingo nyingine iliyogeuka, umeitumia picha kama rejea. Ukianza kwa kuweka mistari ya miraba juu yake na kuhamisha kila mraba kwenye turubai, hiyo si rejea tena, hata uite hivyo.

Sasa tuje kwa mwanamke mwenyewe, na huyu ndiye anayenishughulisha zaidi. Leseni ya Pexels inasema mtu anayetambulika asionyeshwe kwa namna mbaya au ya kumvunjia heshima. Usionyeshe kana kwamba anaisifu bidhaa yako, na usiifanye picha kuwa sehemu ya nembo ya biashara. Unsplash nao, ambao watu huwataja kwa pumzi moja na Pexels, wanasema wazi katika masharti yao kwamba leseni haikupi haki ya kutumia sura za watu wanaotambulika pichani. Yaani uso umo ndani ya picha lakini haumo ndani ya leseni.

Kinachokosekana ni hati ya ridhaa ya mwanamitindo: karatasi aliyotia sahihi kukubali sura yake itumike kibiashara. Picha za stoki, yaani zile zilizowekwa tayari mtandaoni kwa kuuzwa leseni, zikiwa zimekusudiwa matangazo huwa nayo, na ukurasa wa picha hukuonyesha kwamba ipo. Kwenye tovuti za bure, mtu yeyote mwenye kamera anapakia, na hujui kama aliyepigwa alijua picha inaenda wapi.

Kwa hiyo litazame tangazo la masaji kwa jicho hilo. Mgeni akiuona uso ule juu ya maneno ya kumkaribisha masajini, ataelewa kwamba mwanamke huyu anahudumu pale, au amehudumiwa pale, au anakubaliana na biashara ile. Hapo ndipo leseni inapokataza. Na hapa nchini jambo hili lina meno. Mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza faini ya shilingi 1,850,000 sehemu moja ya starehe Nairobi kwa kutia picha ya mteja mtandaoni bila ridhaa yake. Ile ilikuwa picha ya kamera, si mchoro, lakini kilichofanya liwe kosa ni uso unaotambulika kutumika bila mwenyewe kukubali, na mchoro wako kwa maelezo yako unatambulika.

Kuhusu fulana nitasema langu kama mzee wa pwani, mbali na leseni. Mwanamke aliyejisitiri ametandazwa juu ya tumbo la mgeni anayekunywa bia ufukweni: je, mwenyewe ataona ni heshima? Leseni inakataza kumvunjia mtu heshima, haisemi heshima hiyo inapimwa kwa mizani ya nani. Mimi naipima kwa mizani yake yeye. Kadi ya posta ina nafuu, fulana haina.

Swali lako la picha ya kulipia ni zuri, kwa sababu wengi hulipa kisha wakaanguka pale pale. Wauzaji wakubwa kama Shutterstock, Adobe Stock na iStock huuza leseni za namna mbili. Ile ya kawaida, ya bei nafuu, ni ya kuitumia picha kupamba au kueleza kitu kingine: makala, brosha, ukurasa wa tovuti, tangazo. Idadi ya nakala za kuchapwa hufika mpaka 500,000, na watu wakiiona namba hiyo hudhani fulana mia ni mchezo. Lakini fulana hazikatazwi kwa idadi yake. Leseni ya kawaida inakataa bidhaa ya kuuzwa ambayo thamani yake inatoka kwenye picha yenyewe, yaani mtu anainunua kwa sababu ya picha iliyo juu yake. Fulana moja tu inatosha kuivunja. Kwa kadi, fulana, vikombe na mabango ya kuuza unatakiwa ununue leseni ya pili, iliyopanuliwa, ambayo bei yake ni mara nyingi ya ile ya kwanza. Na kama mchoro wenyewe wa mkono umefuata picha kwa karibu, nao ni bidhaa ya kuuzwa iliyotokana na picha. Usiutegemee upite chini ya leseni ya kawaida. Waandikie huduma kwa wateja, eleza unachofanya, uhifadhi jibu lao.

Hata leseni iliyopanuliwa haiondoi masharti ya sura. Mikataba hii hukataza kumweka mwanamitindo kwenye mambo nyeti, kama vile kumhusisha na ugonjwa, siasa, tumbaku, au huduma za kutafuta wachumba, ama huyaruhusu baadhi kwa masharti maalumu. Masaji ni halali kabisa, lakini wewe na mimi tunajua watu wengine hulichukulia vipi neno hilo wakiliona limeambatana na picha ya mwanamke. Kabla ya kutia uso wowote hapo, uliza.

Ukikuta maneno `Editorial use only` chini ya picha, achana nayo kwa kazi hii. Maana yake ni kwamba picha ni ya habari na maelezo tu, na mara nyingi hakuna aliyetia sahihi. Picha za umati kwenye sherehe, kama zile zinazopigwa Lamu wakati wa Maulidi, mara nyingi huuzwa kwa sharti hilo. Unaweza ukamkuta jirani yako humo.

Kuna kesi nyingine inayogusa neno hili la rejea moja kwa moja, na kila mchoraji anapaswa kuijua. Mwaka 1981 mpigapicha Lynn Goldsmith alimpiga picha mwanamuziki Prince. Mwaka 1984 jarida la Vanity Fair lililipa dola 400 ili picha ile iwe rejea ya msanii, kwa kuchapwa mara moja tu. Msanii alikuwa Andy Warhol. Akachora ule mmoja uliochapwa, lakini hakuishia hapo. Alitengeneza kazi 16 kwa jumla kutoka kwenye picha ile ile. Prince alipofariki mwaka 2016, wakfu wa Warhol uliruhusu kazi nyingine kati ya hizo itiwe kwenye jalada la jarida, ukalipwa dola 10,000. Goldsmith hakupata hata senti, wala jina lake halikutajwa. Kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani, na Mei 2023 majaji saba dhidi ya wawili wakaamua kwamba matumizi yale ya jaladani hayakuweza kujitetea kama matumizi ya haki, yaani yale ambayo sheria yao huyaruhusu bila kumwomba mwenye kazi. Angalia walichokipima. Hawakuamua kwamba Warhol alikosea kuchora. Walitazama lile tendo moja la mwaka 2016, la kuliuzia jarida sura ya Prince, kazi ile ile ambayo mpigapicha naye huifanya kwa picha zake. Kila matumizi yanasimama peke yake, kama ilivyo kwa maombi yako matatu.

Basi tufanye nini na kadi? Usijaribu kuuokoa mchoro huu kwa kubadilisha rangi ya mtandio. Chora mwingine. Mtafute binamu, shangazi, au jirani anayekubali. Mkalishe kwenye baraza la daka alasiri, mwanga ukiwa unaingia kwa upande mmoja na kivuli cha ndani kikiwa nyuma yake, umpige picha zako mwenyewe, nyingi, huku anageuka taratibu. Hakimiliki ya hizo ni yako. Picha za Pexels ziweke pembeni kwa yale ambayo simu yako haikuyanasa: moja kwa ajili ya namna kitambaa chepesi kinavyopitisha mwanga, nyingine kwa ajili ya vidole. Ukichukua kidogo kutoka kwa kadhaa na uso kutoka kwa mtu aliyekubali, jaribio la tabaka halitalaliana na picha yoyote.

Kukubali kwake kuwe kwenye karatasi. Haihitaji wakili, andika kwa Kiswahili anachokielewa:

*Mimi (jina) nimemkubalia (jina la mchoraji) anipige picha na achore sura yangu. Michoro na nakala zake zinaweza kuuzwa kama mchoro na kadi. Zisitumike kwenye fulana, tangazo wala nembo mpaka niulizwe tena na nikubali kwa maandishi. Nimepokea shilingi (kiasi). Tarehe, sahihi yangu, sahihi ya shahidi.*

Kama hajafika miaka 18, mzazi au mlezi ndiye anayetia sahihi. Na mlipe. Kidogo, lakini mlipe, na kiasi kiandikwe.

Kwa mchoro uliokwisha kuuza au unaokaribia kuuza, fungua ule ukurasa wa Pexels sasa hivi, upige picha ya skrini inayoonyesha anwani, jina la mpigapicha na tarehe, na nyingine ya ukurasa wa leseni. Leseni hubadilika. Unsplash na Pixabay zote mbili zilianza kwa kuachia picha bila haki yoyote kushikiliwa, kisha Unsplash ikaweka leseni yake mwaka 2017, na Pixabay mwaka 2019. Picha yenyewe inaweza kuondolewa kesho, nawe ukabaki huna pa kuonyesha kwamba ulipoichukua ilikuwa halali. Halafu ipitishe picha kwenye Google Lens au TinEye, zinazokuonyesha picha ile ile iko wapi kwingine mtandaoni. Ukiikuta imeuzwa kwa fedha mahali pengine kwa jina la mpigapicha mwingine, aliyeipakia bure huenda hakuwa mwenyewe, na mtu hawezi kukupa ruhusa asiyokuwa nayo. Hapo hata mchoro usiuuze.

La mwisho ni mkataba wa hoteli. Biashara ya aina hiyo ikiagiza kazi ya kuchapwa, kwa kawaida hukuletea karatasi yenye kifungu kinachosema kwamba kazi yote ni yako, hakuna mtu mwingine mwenye haki ndani yake, na likitokea dai lolote utalilipa wewe. Kwa mchoro wa binamu yako unaweza kuutia sahihi, ukiwa na ile karatasi mkononi na kifungu cha matangazo kikiwa kimefutwa. Kwa mchoro huu wa Pexels usitie. Mwandikie risiti ya kuuza turubai moja, ukieleza kwamba imechorwa kwa kurejelea picha ya fulani iliyopakuliwa Pexels, na kwamba haki ya kuichapa upya haimo kwenye bei. Akisisitiza kwamba bila kadi hanunui, mwambie kadi zinakuja kwa uso mwingine, na umpe tarehe.